Taa ya hodi ya bibi: alivyoitengeneza mpwa wangu wa darasa la tano

Swali: "Bibi yetu masikio yamekuwa mazito. Tulimnunulia kengele ya mlangoni, tena ile ya kelele, bado hasikii. Mwanangu anasema atamtengenezea taa iwe inawaka mtu akibonyeza. Kuna aliyewahi kufanya hivyo? Taa gani, na tuanzie wapi?"

Nimefanya, au niseme mpwa wangu Rehema ndiye aliyefanya, mimi nilikuwa namshikia waya. Mimi ni fundi umeme wa pikipiki hapa Tanga, na bibi anayehusika ni mama yangu mzazi. Nitakusimulia ilivyokwenda tangu mwanzo, kwa sababu zile sehemu zilizotushinda ndizo zitakazokusaidia.

Nyumba ya mama ni zile za Kiswahili za Ngamiani: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, halafu uani kuna jiko, kisima na mkeka wake. Mama anashinda uani. Kutoka mlango wa mbele mpaka pale anapokaa ni mita kama kumi na nne. Mgeni anasimama barazani, anapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sisi tumefundishwa kuwa ukipiga hodi tatu usijibiwe, unarudi ulikotoka, ni mafundisho ya Mtume na watu wa mtaa wanayashika. Kwa hiyo wageni walikuwa wanaondoka, na mama yuko ndani anakuna nazi. Miezi ikapita hivyo. Nikaanza kusikia maneno kwamba Bi Mkubwa siku hizi anajifungia, hataki watu. Naye kwa upande wake alikuwa ananiambia, "Watu wamenisahau, mwanangu." Iliniuma sana siku nilipounganisha hayo maneno mawili.

Kama ninyi, nasi tulianza kwa kununua kengele. Ile sauti yake, ti-ti-ti, nilikuwa naisikia mpaka barabarani, mama hasikii kabisa. Rehema ndiye aliyegundua. Alikuwa ana miaka kumi na moja wakati huo. Akaniambia, "Mjomba, mbona bibi wewe anakusikia, mimi hanisikii?" Ni kweli. Masikio yanayochoka kwa uzee hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile nzito hubaki kwa muda mrefu. Sauti yangu ni nene, ya mtoto ni nyembamba, na vile vikengele vya betri karibu vyote vinalia kwa sauti nyembamba. Ukiongeza nguvu ya sauti ambayo sikio halina tena, unawasumbua majirani tu. (Kabla hamjafanya lolote, mpelekeni akaangaliwe kama masikio yamejaa nta. Mama tulimpeleka, hayakuwa na kitu, ni umri.)

Basi Rehema akaamua itakuwa taa. Mimi niliweka sharti moja: hakuna kugusa umeme wa ukutani, kila kitu kitakwenda kwa betri ya volti 12. Mtoto akikosea kwenye volti 12, anachoma fyuzi. Kwa mtoto wako usilegeze hapo.

Kitu cha kuwakawaka alikipata kibandani kwangu, akiwa amekaa kwenye benchi anangoja tufunge. Alikuwa anaitazama bodaboda iliyowashwa indiketa. Akaniuliza kinachofanya iwake na kuzima ni nini, nikamfungulia nikamtolea flasha, kile kidude kidogo cheusi chenye miguu miwili, mmoja umeandikwa B, mwingine L. B unapokea umeme wa betri, L unapeleka kwenye taa. Indiketa inawaka na kuzima mara moja au karibu mara mbili kwa sekunde. Mwendo huo unafaa: jicho linaushika haraka, na haukaribii ule mpapatiko wa kasi unaoweza kumletea madhara mtu mwenye kifafa. Akachukua flasha, balbu mbili za indiketa za wati 10, na vikombe vyake vya rangi ya chungwa kutoka kwenye pikipiki iliyogongwa.

Mwanzoni hakuzitaka balbu. Alitaka ile taa ya utepe inayobandikwa kwenye makochi, kwa sababu ni nzuri. Tukaifunga, ikawaka moja kwa moja, haikuzima hata mara moja. Flasha ya kawaida inaendeshwa na umeme unaopita kwenda kwenye balbu, na ule utepe ulikuwa unavuta umeme mdogo mno hata flasha haioni kama kuna kazi. Soma kilichoandikwa ubavuni mwa flasha yako. Yetu ilikuwa na 12V 10W x 2, maana yake inataka balbu mbili za wati 10, si pungufu. Zipo flasha za elektroniki zinazokubali taa ndogo, lakini balbu za zamani zina faida moja utakayoiona mbele.

Mpango wa kwanza ulikuwa rahisi. Betri ndogo ya 7Ah kwenye shubaka la ukumbini karibu na mlango wa uani, waya unakwenda mpaka barazani kwenye kitufe cha kengele, unarudi kwenye flasha na balbu. Tulitumia waya wa simu kwa kuwa ulikuwepo. Rehema akakimbia barazani, akabonyeza. Mimi huku uani nikaona balbu zimekuwa nyekundu kama kaa la moto linalokaribia kuzimika, na zimeganda hivyo, hazipepesi. Nikapima: kwenye betri volti 12.4, kwenye balbu kama volti 9. Volti tatu na zaidi zilipotelea njiani. Waya ule ni mwembamba kama uzi wa kushonea magunia, na umeme unakwenda mita kumi na nne na kurudi kumi na nne. Kwa balbu mbili zinazovuta zaidi ya ampia moja, waya wenyewe unageuka mzigo.

Unaweza kununua waya mnene, ni pesa tu. Lakini mimi nilimwonyesha rilei, ile ya honi ya gari yenye miguu minne, 30, 85, 86 na 87. Ndani yake kuna sumaku inayoamshwa na umeme mdogo, kama ampia 0.15, nayo ikiamka inafunga njia kubwa ya balbu. Waya mwembamba wa barazani unabeba ule mdogo tu, balbu zinapata umeme wao palepale kwenye betri. Rehema alielewa haraka kuliko vijana wangu wa kazi. Alisema, "Kumbe kitufe kinamwamsha huyu, huyu ndiye anayewasha taa." Ndivyo hasa.

Balbu zikawaka vizuri. Tukamketisha mama kwenye mbuzi yake anakuna nazi, Rehema akaenda barazani akabonyeza, akaachia. Taa ikapepesa mara mbili ikazima. Mama hata hakugeuka. Mgeni hakai na kidole kwenye kitufe, anagusa mara moja na kuachia, na jicho la mzee wakati huo liko kwenye nazi.

Hapo Rehema alisema jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Alisema taa isizime mpaka bibi mwenyewe aende kuizima, na ya kuzimia iwe mlangoni. Kwa kufanya hivyo, kila anayekwenda kuzima amefika mlangoni. Kwa mafundi hilo si geni, rilei inaweza kujishikilia yenyewe: ikishaamka, inachukua umeme kutoka mguu wake wa 87 na kuurudisha kwenye sumaku yake, mguu wa 86, inabaki macho hata kitufe kikiachiwa. Ili ilale, unakata umeme wa sumaku kwa sekunde moja tu. Kinachohitajika ni swichi ya kinyume, ambayo muda wote imeunganisha, ukiibonyeza inakata. Hiyo tuliitoa kwenye friji bovu, ile ya mlangoni inayozima taa ya ndani. Mtoto alifurahi mno kujua kwamba lile swali lake la siku nyingi, kama taa ya friji huzimika mlango ukifungwa, jibu lake lilikuwa mkononi mwake.

Uungaji wake ni huu, ufuate polepole. Mguu wa 30 unatoka chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampia 5. Mguu wa 87 unakwenda kwenye B ya flasha, na L ya flasha inakwenda kwenye balbu zote mbili, halafu balbu zinarudi hasi. Kitufe cha wageni kinachukua chanya kupitia fyuzi yake ndogo ya ampia 1 na kuipeleka 86. Mguu wa 85 unakwenda hasi, lakini unapitia kwanza kwenye ile swichi ya friji iliyoko mlangoni. Halafu kati ya 87 na 86 unaweka kiungo cha kujishikilia, na hapa ndipo tulipopoteza siku nzima.

Tuliunga 87 na 86 kwa kipande cha waya mtupu. Ukibonyeza kwa muda mrefu, inashika. Ukigusa na kuachia, mara inashika, mara inatoa "tik" na kulala. Mimi nilidhani rilei ni mbovu, nikabadilisha, ikawa vilevile. Kumbe wakati kidole kiko kwenye kitufe, umeme wa ule waya mwembamba ulikuwa unapitia kwenye kile kipande na kukimbilia balbu. Balbu ya baridi inameza umeme mwingi kuliko iliyokwisha kuwaka, kwa hiyo sumaku ilibaki na njaa mpaka balbu zipate moto. Dawa yake ni diodi moja, 1N4007, badala ya kipande cha waya, ule mstari wake mweupe ukielekea 86. Diodi inaruhusu umeme kutoka 87 kwenda 86 tu, kurudi hauwezi. Baada ya hapo hata mguso wa kucha unatosha. Ukikuta rilei yenu inashika kwa kubembelezwa, angalia hapo kabla hujaenda dukani.

Diodi hiyo Rehema aliichomelea mwenyewe. Nilimwonyesha mara moja kwenye waya chakavu: pasha moto kwanza zile nyaya mbili, ndipo uguse na risasi, risasi iyeyukie kwenye waya na si kwenye ncha ya pasi. Ya kwanza ilitoka kijivu na imefura kama kidonge, nikaivuta ikang'oka. Ya tatu ilitandaa na kung'aa. Miguu mingine yote tulitumia vishikizo vya kusukuma tu, mtoto anavibana kwa koleo.

Kazi ya mahali pa kuweka balbu aliifanya peke yake. Mimi nilikuwa nimeitundika ya uani juu ya mlango wa ukumbini, kwa sababu waya ulifika hapo. Yeye akaenda kuketi kwenye mbuzi ya bibi, akainamisha kichwa kama anakuna, akaniambia, "Mjomba, mlango uko mgongoni kwangu." Akachukua chaki, akaweka alama ukutani kila mahali ambapo jicho lake lilifika bila kuinua kichwa. Alama nyingi ziliangukia kwenye ukuta mweupe wa jikoni, chini, usawa wa kiuno. Tukaweka balbu pale, lakini saa sita mchana jua likiwa uani ule mwanga wa chungwa ulipotea kabisa. Akakata kopo la maziwa la kilo mbili na nusu, akalilaza, balbu ikakaa ndani, mdomo ukielekea ukuta ulio kivulini chini ya paa. Sasa kinachoonekana ni doa kubwa la mwanga linalopanuka na kusinyaa ukutani, si balbu yenyewe. Mama ana mtoto wa jicho upande mmoja, balbu ndogo haionekani vizuri machoni mwake, doa kubwa analiona. Balbu ya pili iko jikoni, imefungwa vilevile.

Tukadhani tumemaliza. Siku mbili zikapita, wageni bado wanaondoka. Shoga yake mama alikuja na kisahani cha visheti, akabonyeza, akaona kimya, akapiga hodi zake tatu, akarudi. Mama alipofika mlangoni hakuna mtu. Anatembea taratibu, ukumbi ni mrefu, na mgeni hana njia ya kujua kwamba ameshasikika. Rehema alikaa barazani jioni hiyo hajasema neno. Kesho yake akaja kibandani kuniomba kitaa kidogo chekundu kutoka kwenye redio mbovu.

Kitaa hicho kiko barazani, juu ya kitufe. Kinachukua umeme kutoka L ya flasha, kwa hiyo kinapepesa sawasawa na zile za ndani. Kina rezista ya ohm 1,000 mbele yake, na rezista hiyo tuliiweka huku kwenye betri, ili hata waya ule ukikwaruzwa na kugusana njiani usiweze kubeba umeme mwingi. Chini yake Rehema alibandika kibao cha boksi alichokiandika kwa kalamu nene: BONYEZA. TAA IKIWAKA BIBI ANAKUJA. Kwa kifaa chote hiki, kama ungeniambia nitoe kitu kimoja, kitaa hicho ndicho ambacho nisingekitoa. Mgeni akikiona kinapepesa, amejibiwa, anakaa barazani na kusubiri, na adabu yake haijavunjika.

Upungufu upo, nikuambie ili usishangae. Mama alikwenda msibani Muheza akalala huko. Watoto wa mtaani wakabonyeza, hakuna wa kuzima, taa zikapepesa mpaka betri ikaisha kabisa, na betri ya aina hiyo ikikaushwa mara chache inakufa. Kwa wastani mzigo wote unavuta kama ampia moja, kwa hiyo betri ya 7Ah haivuki saa saba. Tukaongeza swichi ya kawaida ya taa mlangoni kwenye njia ileile ya 85, mama akitoka anazima, na mgeni akibonyeza bila kuona kitaa anajua hakuna mtu. Kwa matumizi ya kila siku, wageni kumi na kila mmoja dakika moja, betri inakwenda wiki tatu bila kushuka chini ya nusu. Mimi naichukua Ijumaa moja moja kwenda kuichaji kibandani. Taa ikiwa imelala hakuna umeme wowote unaotumika.

Ile faida ya balbu niliyoitaja ni kwamba moja ikiungua, flasha inabadili mwendo, inakimbia au inaganda, kama indiketa ya pikipiki. Mama analijua hilo sasa. Aliniagizia mtu mara moja: "Mwambie taa yangu ina haraka leo." Nikajua balbu ya jikoni imekufa kabla sijafika.

Na akilala, taa haimwamshi. Tulijaribu na balbu chumbani, mita moja kutoka kitandani, haikumgusa. Mtu aliyelala anaamshwa vizuri zaidi na mtikisiko. Rehema ametoa vile vimota viwili vyenye chuma cha upande mmoja kutoka kwenye rimoti ya gemu, anataka kuvifunga kwenye kisanduku cha plastiki na kuviweka chini ya mto. Vinataka volti 3, kwa hiyo hatuwezi kuviunga moja kwa moja kwenye betri ile, na hapo ndipo tulipo kwa sasa.

Mama alipoona kazi imekwisha, alimwita Rehema, akamkalisha kwenye mkeka. Alimwambia, "Mke mwenzangu, sasa nionyeshe mgeni anavyofanya." Rehema akatoka mbio mpaka barazani, akabonyeza. Doa likaanza kupepesa ukutani. Mama akaliangalia, akasimama, akafunga kanga vizuri, akaenda ukumbini kwa mwendo wake ule ule wa taratibu. Mimi nilimfuata nyuma. Akafungua mlango, akamkuta mtoto amekaa barazani, mikono magotini, ametulia anakodolea kitaa chekundu.

"Karibu," akamwambia, "umengoja sana?"

Rehema akamjibu kwa kutikisa kichwa, ile sauti nyembamba ambayo bibi haisikii hakutaka kuijaribu. Mama akabonyeza swichi ya friji, taa zikalala, wakaingia ndani.

Ukishapata rilei na flasha, weka picha za miguu yake hapa kabla hujaunga, maana zipo zenye mpangilio tofauti. Nitaziangalia.